UZI: Mutanti wa trp, kodoni za kiongozi na ile pini ya 3:4. Nani ana jibu la hali ya njaa?

Kijana_Langoni

Salaam wana jukwaa. Niko nyumbani Lamu likizo, mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo mkiniona kimya msidhani nimesusa.

Mhadhiri wetu ametupa operoni ya trp ya E. coli na mutanti watatu wa sehemu ya kiongozi, yaani ule utangulizi wa RNA kabla ya trpE. Wa kwanza ni G132A. Wa pili ni C116U. Wa tatu anayo mabadiliko yote mawili kwa pamoja. Swali: tabiri kila mmoja atafanya nini "kukiwa na triptofani" na "bila triptofani".

Utangulizi huo una vipande vinne, 1 hadi 4, vinavyoweza kushikana viwili viwili na kujikunja kuwa pini; 3:4 ni pini ya cha 3 na cha 4. Sehemu inayohusika ni hii, namba zinahesabiwa tangu RNA inapoanza:

```
3:4   AGCCCGCC UAAU GAGCGGGC UUUUUUUU
      114           126      134

2     CGGGC   (74-78)
3     GCCCG   (115-119)
```

Mimi na mwenzangu tumebishana jana Mkunguni mpaka wazee wa bao wakatuangalia. Yeye anasema G132A inavunja pini ya kusitisha, kwa hiyo operoni inawaka moja kwa moja, triptofani iwepo isiwepo. Mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa hapo lakini siwezi kukishika. Saidieni.

BintiMaweni

Mwenzako yuko sawa. Pini ya 3:4 ndiyo breki. Besi ya 132 ni G, inashikana na C ya 116. Ukiweka A hapo, A na C hazishikani, pini inalegea, polimerasi inapita bila kusimama. Breki imekatika, gari linakwenda. C116U ni hivyo hivyo, maana U mbele ya G si jozi nzuri. Na mutanti mwenye yote mawili anapata U na A, jozi safi, kwa hiyo anarudi kuwa wa kawaida kabisa. Swali limeisha.

Na kumbuka, ribosomu ikikosa amino asidi yoyote ya kile kipeptidi kifupi kinachosomwa kwenye kiongozi inakwama, na ikikwama operoni inafunguka. Ndiyo maana ya atenyuesheni.

Mfugaji_Barani

Samahani nauliza, hii triptofani ndiyo ile wanayoandika kwenye gunia la chakula cha kuku? Maana mimi nina kuku wa mayai hapa Malindi, nikichanganya mahindi mengi wanaanza kudonoana manyoya. Kuna mtu aliniambia wamekosa triptofani. Sasa hii operoni nawapa kwa maji ama kwa chakula?

Maalim_Mkunguni

Mfugaji, ndiyo hiyo hiyo triptofani, ila operoni hupewi dukani. Ni mpangilio wa jeni tano ndani ya bakteria: trpE, trpD, trpC, trpB na trpA, zinazotengeneza triptofani kutoka asidi ya korismiki. Kuku hana jeni hizo, wala wewe huna. Sote tunaipata kwa chakula. Mahindi yana triptofani haba kweli, na laisini pia haba. Ongeza soya au dagaa kwenye mchanganyiko, na uangalie msongamano bandani, maana kudonoana kuna sababu nyingi.

Sasa turudi kwa vijana. BintiMaweni, dadangu, jozi zako umezisoma vizuri. Tatizo ni kwamba umehesabu breki moja, na operoni hii ina mbili.

Breki ya kwanza ni represa. Jeni yake, trpR, iko mbali kabisa kwenye kromosomu. Protini yake peke yake haina nguvu. Ikishika triptofani ndipo inakaa juu ya opereta na kuizuia polimerasi isianze kazi. Breki hii inapunguza unakili kama mara 70. Breki ya pili ni atenyuesheni, inayowakamata wale waliokwisha kuanza kunakili. Triptofani ikiwa tele, karibu wote wanasimamishwa kwenye zile U nane baada ya pini ya 3:4, na anayepenya ni mmoja katika kila 8 hadi 10. Zidisha, unapata tofauti ya mara 560 hadi 700 kati ya kufungwa kabisa na kufunguliwa kabisa.

Chukua 8 ili hesabu iwe nyepesi. Bakteria wa kawaida mwenye triptofani tele, mwite 1. Mwondolee pini ya kusitisha yote, lakini represa mwachie: anapanda hadi 8. Mwachie pini lakini haribu trpR: 70. Haribu vyote viwili: 560. Sasa jiulize G132A yuko wapi akiwa na triptofani tele. Yuko kati ya 1 na 8. Hiyo si "kuwaka moja kwa moja", maana represa bado imekaa mlangoni na haijui lolote kuhusu besi ya 132.

Kijana_Langoni

Shikamoo Maalim. Hapo ndipo nilipokuwa napapasa. Kwa hiyo bila triptofani G132A anakuwa 560 kama wa kawaida tu?

Maalim_Mkunguni

Marahaba. Bila triptofani ipi?

Sikuulizi kwa ukorofi. Swali lenu limeandikwa vibaya hapo, na jibu zima limejificha hapo hapo. Kuna "bila triptofani" ya kuiondoa kwenye chakula cha bakteria, na kuna "bila triptofani" ya njaa yenyewe. Bakteria mzima ukimwondolea triptofani anajitengenezea. Kazi ya operoni ni hiyo. Triptofani huru ndani ya seli inashuka, represa inalegea, lakini tRNA za triptofani bado zimepakiwa vya kutosha. Ribosomu inapita zile UGG mbili za kodoni ya 10 na ya 11 bila kukwama. Kwa hiyo breki ya kwanza imeachia kiasi, na ya pili bado imekaza.

Njaa kali ni kitu kingine. Unaipata kwa bakteria ambaye hawezi kujitengenezea, kwa mfano trpA yake imeharibiwa, halafu unamnyima. Hapo tRNA inabaki tupu, ribosomu inasimama juu ya UGG, na ndipo atenyuesheni inapoachia.

Breki mbili zinasoma vitu viwili tofauti: represa inasoma triptofani huru, ribosomu inasoma tRNA iliyopakiwa. Haziachii kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo G132A ana hali tatu, si mbili. Triptofani tele: anapanda kidogo, chini ya 8. Imeondolewa kwenye chakula tu: hapa ndipo anapoonekana waziwazi, kwa sababu polimerasi nyingi zinaanza na zilipaswa kusimamishwa, lakini pini yake haina nguvu ya kuzisimamisha. Njaa kali: hana tofauti na wa kawaida, kwa sababu hata kwa wa kawaida pini ya 3:4 haifungwi wakati huo.

BintiMaweni

Sawa nimekubali ya represa. Lakini ya njaa kali sijaelewa kwa nini haifungwi. Ribosomu imesimama kule juu kwenye 54 mpaka 59, na pini iko 114 huko. Mbali yote hiyo?

Maalim_Mkunguni

Angalia kipande cha 3 alichoandika Langoni. GCCCG ya 115 hadi 119 inaweza kushikana na CGGGC ya 74 hadi 78, na inaweza vile vile kushikana na kipande cha 4 kule mbele. Haiwezi zote mbili. Kipande cha 3 ni mume wa wake wawili: akilala kwa mke mkubwa, kwa mdogo hayupo.

Mke mkubwa ni kipande cha 2, kwa sababu ananakiliwa kwanza. Kinachomzuia ni nini? Kama hakuna ribosomu, kipande cha 1 kinamshika wenyewe kwa wenyewe, na polimerasi inapumzika kidogo hapo. Ribosomu inapokuja inaifumua hiyo pini ya 1:2 na polimerasi inaendelea. Triptofani ikiwepo, ribosomu inafika hadi kodoni ya kusimama, UGA ya 69 hadi 71, na mwili wake unafunika sehemu ya kipande cha 2. Basi cha 3 hakina wa kushikana naye ila cha 4. Polimerasi inasitishwa.

Triptofani ikikosekana kabisa, ribosomu inakwama juu ya UGG, imekalia kipande cha 1 na kukiacha cha 2 huru. Cha 2 na cha 3 vinashikana mara tu cha 3 kinapotoka, kabla cha 4 hakijanakiliwa. Cha 4 kinapozaliwa kinakuta nafasi imechukuliwa.

Na ile ya "amino asidi yoyote" uliyosema mwanzo, hapana. Kipeptidi ni MKAIFVLKGWWRTS. Ribosomu ikikwama kwenye ile laisini ya mwanzoni kabisa, K inayofuata M, haijafika kwenye kipande cha 1, kwa hiyo 1:2 inajifunga na usitishaji unaendelea. Kukwama lazima kuwe mahali pake. Ajinini, ile R baada tu ya W mbili, ikikosekana inasaidia kufungua, kwa sababu kodoni yake iko pale pale.

MwanaShela

Mimi nasoma tu kwa pembeni ila mfano wa wake wawili hapo Maalim umenifanya nimwangalie mume wangu vibaya.

Nina swali la kweli. Hizi namba za 70 na 8, zilipimwaje kama breki zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja? Unatenganishaje?

Maalim_Mkunguni

Kwa kuharibu moja na kupima nyingine. Kundi la Charles Yanofsky kule Stanford walikuwa na bakteria wasio na trpR, yaani represa haipo kabisa. Walitegemea triptofani isiwe na athari tena. Lakini bado ukiwaongezea au ukiwanyima, utengenezaji unapanda na kushuka. Halafu mwaka 1973 wakaonyesha kwamba ukikata vipande fulani kati ya opereta na trpE, operoni inatoa zaidi, hata kama opereta na promota hazijaguswa. Basi kulikuwa na kitu katikati kinachozuia. Kukata kizuizi ndiko kulikoonyesha kwamba kipo.

Kwa hiyo, Langoni, ukitaka kumpima mutanti wa pini vizuri, mweke kwanza kwenye bakteria wasio na trpR. Vinginevyo represa inakuchanganyia hesabu.

Pipeti_wa_Malindi

Naomba nidandie, maana hili limenigusa kazini. Mimi ni wa Malindi lakini nafanya kazi maabara, sitasema wapi. Tunatengeneza protini kwa plasmidi yenye promota ya trp. Tunawasha kwa asidi ya indoliakriliki. Tatizo: protini inavuja kabla hatujawasha, na kwa vile ina sumu kidogo bakteria wanadumaa. Mkubwa wangu anasema pini ya kusitisha imepata mutesheni, tutume ikasomwe. Nimesoma uzi huu nikadhani ndiyo G132A yenyewe.

Maalim_Mkunguni

Kabla hujatuma, angalia ramani ya plasmidi yako. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa makusudi bila pini ya kusitisha, ili zitoe zaidi. Kama haipo, haiwezi kuharibika.

Halafu niambie mnakuzia kwenye nini.

Pipeti_wa_Malindi

M9 na glukosi na kasamino. Ramani nimeifungua: umesema kweli, promota na opereta, halafu moja kwa moja jeni yetu. Hakuna kiongozi.

Maalim_Mkunguni

Basi una sababu mbili na zote si mutesheni. Kasamino ni kaseini iliyovunjwa kwa asidi, na asidi inaua triptofani. Unadhani umewapa amino asidi zote, kumbe hiyo moja haimo. Ongeza triptofani safi mpaka siku ya kuwasha, ndipo mhamishe.

Ya pili ni idadi. trpR ni nakala moja kwenye kromosomu, na represa zake si nyingi. Wewe umeingiza makumi ya plasmidi, kila moja na opereta yake. Represa zinagawanyika hazitoshi. Ndiyo maana watu wengine huongeza trpR kwenye plasmidi. Hiyo pia ni namna ya kutofautisha: ukiongeza trpR na uvujaji ukapungua, ilikuwa upungufu wa represa. Mutesheni ya pini haiponi kwa kuongezewa chochote kutoka nje, kwa sababu inaathiri RNA ile ile iliyoibeba na si nyingine.

Pipeti_wa_Malindi

Triptofani tunayo kwenye friji, haijafunguliwa tangu inunuliwe. Kesho naanza na hiyo.

Kijana_Langoni

Nimerudi, stima ilikatika. Maalim, nimejaribu C116U mwenyewe. Besi ya 116 iko kwenye kipande cha 3, kwa hiyo inagusa ndoa zote mbili. Kwa kipande cha 4 inakuwa U na G132. Kwa kipande cha 2 inakuwa U na G77. Zote mbili jozi legelege. Kwa hiyo triptofani ikiwa tele anapenya zaidi ya wa kawaida, na njaa kali ikija hafunguki vizuri. Amekosa huku na huku?

Maalim_Mkunguni

Nusu ya kwanza nakubali, ila kwa kiasi. U na G ni jozi dhaifu lakini ni jozi. Inakaa ndani ya pini bila kuipindua. A na C ya G132A haikai. Kwa hiyo nategemea C116U avuje kidogo kuliko G132A. Zote mbili ziko karibu na shina la pini, jozi ya tatu kutoka kwenye zile U, na hapo ndipo panapouma zaidi, kwa sababu kazi ya pini ni kufungika mpaka chini na kuinyofoa RNA wakati zile U zinaishikilia DNA kwa udhaifu.

Nusu ya pili sina hakika kama yako. Pini ya 2:3 ni ndefu kuliko hizo jozi tano ulizoandika. Ina nyingine zaidi upande wa 108 hadi 113. Kulegea kwa moja katikati huenda kusionekane sana. Tena mpinzani wake, 3:4, naye amelegea kwa besi ile ile.

MwanaShela

Lakini si umesema 2:3 inafungwa kwanza kabla cha 4 hakijazaliwa? Kama ni hivyo udhaifu wa 3:4 hauna maana kwenye njaa. Kinachotakiwa ni 2:3 idumu tu mpaka polimerasi ivuke zile U. Mashindano hayapo.

BintiMaweni

Yapo. Jozi zinafunguka na kufungana. Kama 2:3 imelegea, cha 4 kikitoka kinaweza kumvuta cha 3. Ndiyo maana nguvu za zote mbili zinahesabika.

Maalim_Mkunguni

Nyote mna hoja. Kuna mutanti mmoja wa kweli anayewasaidia: trpL75, G ya 75 imekuwa A. G75 inashikana na C118 kwenye 2:3 peke yake. 3:4 hajaiharibu hata kidogo. Mutanti huyu kwenye njaa anashindwa kufunguka inavyopaswa; usitishaji unabaki juu. Kwa hiyo kulegeza 2:3 kwa jozi moja mbovu kunatosha kuonekana, na hapo BintiMaweni ana pointi. Ila yeye ana A na C, na mpinzani mwenye nguvu zake zote. C116U ana U na G, na mpinzani aliyelegea. Ndiyo maana mimi ningeandika kwenye karatasi ya mtihani "anafunguka karibu kama wa kawaida, labda pungufu kidogo", na nisiweke namba.

Kijana_Langoni

Na yule mwenye yote mawili? BintiMaweni alisema anarudi wa kawaida kabisa.

Maalim_Mkunguni

Hapa ndipo mhadhiri wako alipoweka mtego. Tazama pini ya 3:4: U116 na A132, jozi halali. Pini imerudi. Si sawasawa na mwanzo, kwa sababu C na G zinashikana kwa nguvu kuliko U na A, lakini nategemea usitishaji urudi karibu na wa kawaida triptofani ikiwa tele. Hapo BintiMaweni kapata.

Lakini kipande cha 2 hakijaguswa. G77 bado inatazamana na U116. Kwa hiyo 2:3 imebaki legelege, na sasa mpinzani wake amepata nguvu. Kati ya watatu wenu, huyu ndiye ninayemtegemea ashindwe zaidi kufunguka kwenye njaa kali. Triptofani tele utamwona mzima, ukimweka njaa unamgundua. Anafanana na trpL75 kwa tabia ingawa hajaguswa popote kwenye kipande cha 2.

Kwa hiyo usiandike "mabadiliko ya pili yameponya ya kwanza" bila kusema yameponya pini ipi.

MwanaShela

Aisee. Basi ukiongeza ya tatu, G77A, unapata A77 na U116, na 2:3 inapona pia. Mutanti wa besi tatu, mzima kote.

BintiMaweni

Kote? 77 si iko pia ndani ya 1:2? Umeponya 2:3 umevunja ya kupumzikia.

MwanaShela

Pini ya kupumzikia inafumuliwa na ribosomu hata hivyo. Nani anaihitaji?

Maalim_Mkunguni

Inahitajika kwa kupatanisha mwendo. Polimerasi isiposubiri, inaweza kuvuka kabla ribosomu haijafika popote, na hapo haisomi hali ya tRNA tena. Tena kama 1:2 imelegea na hakuna ribosomu, 2 iko huru kushikana na 3 hata triptofani ikiwepo. Linganisha na trpL29, ambaye AUG ya kuanzia imekuwa AUA: ribosomu haianzi, 1:2 inajifunga kwa raha zake, 3:4 inafuata, na operoni inasitishwa hata kwenye njaa. Huyo anategemea 1:2 kabisa. Ukimpa trpL29 hiyo G77A ungeweza kuona kama usitishaji wake unapungua. Mimi sijui angepungua kiasi gani, maana jozi ya 77 ni moja tu kati ya kadhaa.

Kijana_Langoni

Maalim swali la mwisho kabla bando halijaisha. Tukiambiwa tupendekeze jaribio moja la kuwatofautisha hawa, tuandike lipi?

Maalim_Mkunguni

Moja haliwatoshi, andika mawili.

La kwanza ni kunakili ndani ya chupa: DNA ya kila mmoja, polimerasi safi, nukleotidi, bila ribosomu. Pitisha RNA kwenye jeli. Aliyesitishwa anatoa mstari mfupi wa besi kama 140, aliyepenya anatoa mrefu. Bila ribosomu unapima pini zenyewe. G132A mstari mrefu utanenepa waziwazi. Mwenye mawili atafanana na wa kawaida. Hapa hutamgundua, na usidanganyike ukasema amepona.

La pili ni ndani ya bakteria wasio na trpR na wasioweza kujitengenezea triptofani. Kundi moja unalipa tele, jingine unalinyima, kisha unapima RNA ya trpE kwa kila moja. Angalia uwiano wa njaa kwa tele. Wa kawaida uwiano wake ni kama 8. G132A uwiano unashuka kwa sababu upande wa tele umepanda. Mwenye mawili uwiano unashuka kwa sababu upande wa njaa haukupanda. Uwiano pekee unaweza kuwa sawa kwa wote wawili, kwa hiyo andika namba zote mbili, si uwiano tu.

Na dhibiti njaa. Ukiwanyima muda mrefu mno bakteria wanaacha kutafsiri karibu kila kitu, na unapima mambo mengine.

BintiMaweni

Mimi bado nasema C116U atashindwa kwenye njaa zaidi ya unavyodhani Maalim. Jozi ya 77 na 116 iko katikati ya CGGGC, si pembeni.

Maalim_Mkunguni

Inawezekana. Ukipata mahali pa kumjaribu niandikie, nitakubali jeli ikisema hivyo.

Mfugaji_Barani

Nimenunua dagaa wa kusaga. Na huyo mtu wa maabara akimaliza na triptofani yake ya friji, bei yake kwa kilo ni ngapi?

Pipeti_wa_Malindi

Kaka, yangu imepimwa kwa gramu. Endelea na dagaa.

Kijana_Langoni

Nimetuma kazi yangu. Kwenye C116U nimeandika majibu yote mawili na sababu zake, mhadhiri achague. Kwenye "bila triptofani" nimeandika hali mbili na kumuuliza alimaanisha ipi. Mwenzangu ameandika "inawaka moja kwa moja". Nitawajulisha alama zikitoka.